Adhuhuri na Jioni: Kuchagua Rezista ya Dayodi ya Zena

Redio ndogo ya betri nne hutaka volti 6. Nyumba nyingi za vijijini siku hizi zina betri moja ya sola, ya volti 12, inayowasha taa na kuchaji simu, na wazo huja lenyewe: kwa nini kuendelea kununua betri za redio dukani wakati umeme upo ndani ya nyumba? Kinachotakiwa ni kitu cha kuteremsha volti hizo 12 ziwe 6 hivi. Njia iliyo rahisi kuliko zote ina vipande viwili tu, dayodi ya zena na rezista moja. Dayodi unaichagua kwa volti unazozitaka, basi. Rezista ndiyo inayowashinda watu, na nimeona kazi nyingi zikiharibika hapo kwa sababu ile ile. Hesabu inapigwa kana kwamba betri ina volti 12 siku nzima na redio inakula umeme kwa kiwango kimoja tangu inapowashwa hadi inapozimwa.

Betri haiko hivyo. Adhuhuri, jua likiwa kali na betri inakaribia kujaa, ukiweka mita kwenye vichwa vyake unaweza kukuta volti 14.4, na kwenye mitambo mingine 14.8. Usiku, baada ya taa kuwaka saa kadhaa, inashuka hadi 12, kisha 11.5. Vidhibiti vingi vya sola hukata umeme inapofika karibu na 11. Redio nayo ikiwa imewashwa kwa sauti ya chini hula kidogo, na ikipandishwa ili jirani naye asikie mpira, inakula mara kadhaa ya hapo. Rezista tunayoitafuta lazima ifanye kazi katika hali zote hizo bila kubadilishwa.

Kwanza tuiangalie dayodi yenyewe. Dayodi ya kawaida hupitisha umeme upande mmoja na kuuzuia upande wa pili. Ukizidisha volti za upande huo unaozuiwa, hufika mahali ambapo inashindwa kuzuia na umeme unapita. Kwa dayodi ya kawaida huo ndio mwisho wake. Ya zena imetengenezwa ishindwe mahali panapojulikana, na ishindwe bila kuharibika, mradi joto lisizidi. Jina limetokana na Clarence Zener, mwanafizikia Mmarekani ambaye mwaka 1934 aliandika nadharia ya namna vitu visivyopitisha umeme vinavyovunjika chini ya nguvu kubwa ya umeme. Njia aliyoieleza yeye ndiyo inayotawala katika dayodi za chini ya volti 5 hivi. Kwa dayodi za volti za juu zaidi, elektroni zilizopata kasi hugonga atomu na kung'oa elektroni nyingine, nazo zinang'oa nyingine, mpaka mkondo unafurika. Jina la Zener limebaki kwa zote, na kwa fundi hakuna tofauti kubwa: volti zilizoandikwa kwenye dayodi ndizo zitakazobaki kati ya miguu yake miwili, hata mkondo unaopita ndani yake ukiongezeka mara kumi.

Ili volti hizo ziishikilie redio, dayodi huwekwa sambamba nayo, mguu wenye mstari ukiwa upande wa chanya. Rezista hukaa kati ya betri na hao wawili. Umeme wote unapita kwenye rezista kwanza, kisha unagawanyika: redio inachukua unaouhitaji, na dayodi inameza unaobaki. Fikiria tangi la maji lenye bomba la kumwagia ziada karibu na ukingo. Maji yatabaki kwenye kimo kilekile, watu wachote sana au kidogo, almradi kuna maji yanayoendelea kutoka kwenye bomba la ziada. Pindi bomba hilo likikauka, kimo kinaanza kushuka. Likizidiwa, linapasuka. Rezista ni koki inayoingiza maji: inaamua ni kiasi gani kinaingia, na kwa hiyo ni kiasi gani cha ziada kinabaki.

Sasa tupige hesabu kwa njia isiyofaa, ili tuone inapotufikisha. Tunachukua dayodi ya volti 6.2, ambayo redio ya volti 6 inaivumilia bila shida. Betri tunasema ni 12. Redio kwa sauti kubwa inakula miliampea 60. Rezista inatakiwa ipoteze volti 5.8, mkondo ukiwa miliampea 60, yaani ampea 0.060. Ukigawanya 5.8 kwa 0.060 unapata omu 97. Dukani utapewa ya omu 100, utaiunga, na mchana huo redio itaimba vizuri.

Saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari, betri imeshuka hadi volti 11. Rezista ya omu 100 ikiwa na tofauti ya volti 4.8 kati ya miguu yake haiwezi kupitisha zaidi ya miliampea 48. Redio inataka 60. Dayodi haina cha kumeza, imefunga kabisa, na volti za redio zinaanza kufuata betri kuelekea 5. Sauti ikipanda, inakoroma, ikishuka, inatulia. Mwenye redio anadhani spika imechoka.

Kesho yake adhuhuri mambo ni kinyume. Redio imezimwa, watu wako shambani, betri iko 14.8. Rezista inapitisha miliampea 86, na zote zinakwenda kwenye dayodi kwa sababu hakuna mwingine wa kuzipokea. Volti 6.2 mara ampea 0.086 ni zaidi kidogo ya nusu wati. Ikiwa ulinunua ile dayodi ndogo ya kioo ya nusu wati, ambayo ndiyo iliyojaa madukani, umeivusha mpaka wake, na imevushwa ndani ya kisanduku kilichokaa chini ya bati wakati hakuna mtu wa kunusa harufu. Rezista moja imekuwa kubwa mno jioni, na hiyo hiyo ikawa ndogo mno adhuhuri kwa dayodi tuliyonayo.

Ndiyo maana hesabu hii haipigwi kwa wastani. Hupigwa mara mbili, kila mara kwa hali iliyo mbaya kuliko zote. Hali ya kwanza ni ya njaa: betri chini kabisa, redio ikila kupita kiasi. Hapo tunauliza rezista isizidi ukubwa gani. Ya pili ni ya shibe: betri juu kabisa, redio haili kitu. Hapo tunauliza isipungue chini ya ngapi. Majibu hayo mawili ni kama kingo mbili, na rezista yetu lazima itoke katikati yake.

Kabla ya hesabu, vipimo. Volti za betri ni rahisi, unazipima adhuhuri siku ya jua kali na usiku kabla kidhibiti hakijakata. Mkondo wa redio unahitaji ujanja mdogo. Fungua mlango wa betri za redio, kata kipande cha karatasi nyembamba, ukipenyeze kati ya kichwa cha betri moja na bati linaloigusa. Redio inazimika. Weka mita kwenye kipimo cha miliampea, gusa kichwa cha betri kwa waya mmoja wa mita na bati kwa waya wa pili. Redio inawaka tena, na sasa mkondo wake wote unapita ndani ya mita. Pandisha sauti uone namba inavyopanda. Tuchukue redio inayoonyesha miliampea 12 sauti ikiwa chini na 60 ikiwa juu. Mita haiwahi kuonyesha vilele vifupi vya ngoma na besi, lakini kapasita ya maikrofaradi 470 ikiungwa sambamba na dayodi inatosha kuvijazia.

Kiasi cha chini cha redio, katika hesabu, si hizo 12. Ni sifuri. Redio huzimwa, waya huchomoka, mtoto huvuta plagi, na dayodi inabaki peke yake na mkondo wote.

Hali ya njaa basi. Betri ni 11, dayodi 6.2, kwa hiyo rezista ina volti 4.8. Redio inataka miliampea 60, na dayodi nayo iachiwe kidogo, kwa sababu ikibaki na mkondo hafifu mno haishikilii volti zake sawasawa. Kwa dayodi kama hii miliampea 5 zinatosha. Jumla ni 65.

```
R ya juu = (11 − 6.2) / (0.060 + 0.005) = 73.8
```

Rezista yoyote iliyo juu ya omu 73.8 itaiangusha redio jioni. Ile ya omu 100 haikuwa na nafasi tangu mwanzo.

Hali ya shibe inaanza na dayodi, maana yeye ndiye anayeumia. Dayodi ya 1N4735A ni ya volti 6.2 na wati 1. Lakini wati hiyo moja haipatikani bure. Watengenezaji wanaihesabu miguu ya dayodi ikiwa haijapita kiwango fulani cha joto, na kwa baadhi yao ni nyuzi 50 za Selsiasi. Kila nyuzi inayozidi inapunguza uwezo wake. Ndani ya kisanduku cha plastiki kisicho na tundu, katika nyumba ya bati mwezi wa joto, nyuzi 50 zinafikiwa mapema. Mimi huchukua nusu ya wati zilizoandikwa na kuifanya hiyo kuwa mpaka wangu. Nusu wati kwa volti 6.2 ni miliampea 81 hivi.

```
R ya chini = (14.8 − 6.2) / 0.081 = 106
```

Hapa msomaji asipite haraka. Jioni inasema rezista isizidi 73.8. Adhuhuri inasema isipungue 106. Hakuna namba duniani iliyo chini ya 73.8 na juu ya 106 kwa wakati mmoja. Hatujakosea kuhesabu, hesabu inatuambia kwamba kwa dayodi hii, betri hii na redio hii, rezista tunayoitafuta haipo. Wengi wakifika hapa hukata shauri kwa kuchukua namba ya katikati, 82 au 91, na wanapata kifaa kinachokosea pande zote mbili, jioni kinapungukiwa na adhuhuri kinaunguza.

Kuna njia tatu za kutoka. Ya kwanza ni kupunguza wanachotaka: redio isipandishwe sana, au betri isiachwe kushuka hadi 11. Ya pili ni kubadili muundo wenyewe, nitaifikia. Ya tatu, iliyo rahisi kwetu, ni dayodi nene zaidi. 1N5341B ni ya volti hizo hizo 6.2 lakini ya wati 5. Nusu yake ni wati 2.5, yaani miliampea 403.

```
R ya chini = (14.8 − 6.2) / 0.403 = 21.3
```

Sasa kuna nafasi pana, kuanzia omu 21 hadi 73. Ndani yake tuchague ipi? Mtu anaweza kusema 47, iko katikati na iko salama. Iko salama kweli, lakini angalia inachomeza. Adhuhuri itapitisha miliampea 183, redio iwe inaimba au imezimwa. Kila omu unayoipunguza ni umeme wa sola unaogeuzwa kuwa joto. Kwa hiyo ukishapata nafasi, panda hadi karibu na ukingo wa juu, kisha urudi hatua moja kwa ajili ya usalama. Katika ukubwa wa kawaida wa rezista zinazouzwa, ulio chini ya 73.8 ni omu 68. Tuijaribu.

Rezista yenye mstari wa dhahabu huweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5. Ya omu 68 inaweza kuwa 71.4 kwa kweli. Dayodi yenye asilimia 5 inaweza kuwa ya volti 6.51. Ukikutana na bahati mbaya zote mbili, jioni betri ikiwa 11 rezista inapitisha miliampea 62.9. Redio inachukua 60, dayodi inabaki na karibu 3. Ni chache kuliko tulizotaka, lakini bado kuna kinachomwagika kwenye bomba la ziada, na redio ipo salama. Kama ningekuta dayodi imebaki na sifuri au chini yake, ningeshuka hadi rezista ya omu 56 bila kubishana.

Adhuhuri, kwa omu 68 zenyewe, mkondo ni miliampea 126, na dayodi inapokea wati 0.78 redio ikiwa imezimwa. Kwa dayodi ya wati 5 hilo ni jambo dogo, ingawa bado itakuwa na joto la kuhisiwa kwa kidole. Iache miguu yake iwe na urefu kidogo na uinyanyue juu ya ubao, maana joto lake hutokea miguuni. Na kuna balaa moja zaidi la kuliwazia. Waya wa betri ukilegea wakati wa jua, baadhi ya vidhibiti huachia volti za paneli zipite moja kwa moja, na paneli inayoitwa ya volti 12 hufika 21 ikiwa haina mzigo. Dayodi hapo inapata wati 1.35. Ile ya wati 1 ingekuwa imekwenda, hii ya wati 5 inavumilia.

Rezista nayo ina wati zake, na hili husahaulika. Tofauti ya volti 8.6 kwa omu 68 ni wati 1.09. Ukiweka ile ndogo ya robo wati, rangi za mistari yake zitabadilika kuwa kahawia siku ya kwanza, na baada ya muda ukubwa wake wenyewe utabadilika. Fikiria pia siku nyaya za redio zitakapogusana: rezista inabaki na volti zote 14.8, nayo inageuza wati 3.2 kuwa joto. Kwa hiyo nunua ile nyeupe ya mraba, ya wati 5, inayofanana na kipande cha chaki. Bei yake haitofautiani sana na nyingine, na nyaya zikigusana hata kwa saa nzima haitawaka moto.

Kuna gharama ambayo haionekani kwenye hesabu ya volti. Mzunguko huu haulali. Betri ikiwa 12.6, unanyonya miliampea 94 mchana na usiku, hata redio ikiwa kabatini. Kwa saa 24 ni zaidi kidogo ya ampea-saa 2.2. Kwa betri ndogo ya ampea-saa 7, hiyo ni karibu theluthi moja ya kila kilichomo, imeliwa na kifaa ambacho hakijafanya kazi yoyote. Dawa yake ni swichi, na mahali pake ni kati ya betri na rezista. Swichi ya redio haisaidii, kwa sababu inaiondoa redio na kumwachia dayodi mkondo wote.

Kikiharibika, mita inaeleza karibu kila kitu kwa kugusa miguu ya dayodi. Volti 6.2 au 6.3 ni afya. Volti 0.7 ni dayodi iliyogeuzwa, mstari ukiwa upande wa hasi. Hapo inapitisha kama dayodi ya kawaida na rezista inachemka. Sifuri kamili, huku rezista ikiwa moto, ni dayodi iliyoungua na kushikana ndani. Zena iliyozidiwa joto mara nyingi hufa kwa namna hiyo, na redio inasalimika. Kinachotisha ni volti 10 au 12 redio ikiwa imezimwa. Maana yake dayodi imekatika au mguu wake haukushika vizuri wakati wa kulehemu, na redio itakapowashwa itakutana na volti ambazo haikuumbiwa. Ndiyo sababu dayodi hulehemiwa na kupimwa kwanza, redio huja mwisho. Na ukikuta volti 5.5 zinazopanda na kushuka pamoja na betri, dayodi ni nzima, ila rezista ni kubwa mno na hakuna ziada.

Sasa ile njia ya kubadili muundo. Chukua redio ya betri sita, yaani volti 9, inayokula miliampea 60 zile zile. Dayodi ni ya volti 9.1. Jioni rezista inabaki na volti 1.9 tu za kuchezea, na ukingo wa juu unaanguka hadi omu 29. Rezista ya omu 27 adhuhuri inapitisha miliampea 211, na dayodi inachemka kwa karibu wati 2 ili kuihudumia redio inayohitaji nusu wati. Dayodi ya wati 5 inaweza kubeba, lakini betri ndogo haiwezi. Kadiri volti za jioni zinavyokaribiana na volti za dayodi, ndivyo rezista inavyolazimika kuwa ndogo, na ndivyo adhuhuri inavyokuwa ya gharama. Kuchaji simu kwa njia hii ni vibaya zaidi. Kwa ampea 1 na dayodi ya volti 5.1 utahitaji rezista ya omu 5.6, na simu ikichomolewa adhuhuri dayodi inapaswa kumeza karibu wati 9. Hapo tafuta chaja ya gari na uiache zena.

Kwa redio ya volti 6 kuna suluhisho la katikati, na mimi hulipenda kuliko yote. Mpe dayodi kazi ya kushikilia volti tu, na mkondo wa redio uubebe kwa transista. Transista kama BD139 huungwa kolekta kwenye betri, emita kwenye redio, na besi kwenye dayodi. Besi inahitaji sehemu ndogo tu ya mkondo wa redio; hata transista yenye ukuzaji wa 40 itataka miliampea 1.5 kwa ajili ya zile 60. Kwa kuwa njiani inapoteza volti 0.7 hivi, dayodi iwe ya volti 6.8 ili redio ipate 6.1. Hesabu ni ile ile, ila mzigo umekuwa mwepesi: volti 4.2 za jioni zigawanywe kwa miliampea 6.5, tunapata omu 646, tunachukua 560. Adhuhuri dayodi inapokea chini ya miliampea 15, yaani wati 0.1, na ile ndogo ya kioo ya nusu wati inatosha. Joto sasa linakwenda kwenye transista, na linakuwepo tu redio inapoimba. Kilichopotea ni ule uvumilivu wa nyaya kugusana. Transista haina rezista ya kuilinda, kwa hiyo weka fyuzi ndogo kabla yake.

Ukiamua kubaki na dayodi na rezista peke yake, usifunge kisanduku kabla ya kukijaribu kwa hali zote mbili. Badala ya redio unga rezista ya omu 100 ya wati 1. Kwa volti 6.2 itakula miliampea 62, sawa na redio iliyopandishwa sauti. Washa taa mpaka betri ishuke karibu na 11, kisha pima volti kati ya miguu ya ile rezista ya omu 68. Gawanya namba hiyo kwa 68 upate mkondo wote, utoe 62, na kinachobaki ni cha dayodi. Ukipata miliampea 8 hivi, jioni imepita. Halafu ngoja jua la saa sita, ondoa mzigo wote, iache dayodi peke yake kwa saa nzima kisanduku kikiwa kimefunikwa, na upime volti zake tena. Zikiwa zimepanda kidogo, tuseme kutoka 6.2 hadi 6.4, hilo ni joto lake na mkondo ulioongezeka, na redio haitalihisi.